Mshahara wa mradi unaweza kulea familia? Nisaidieni kupiga hesabu kabla sijasaini

#1 Mzazi_Makini (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nina barua ya kazi kutoka asasi inayohudumia wazee na watu wenye ulemavu majumbani kwao. Nafasi ni ya mratibu wa wahudumu wa jamii. Kazi yenyewe naitaka, kwa hiyo hakuna haja ya kunishawishi. Ninachotaka kujua ni kama inaweza kulea familia ya watu wanne, na nitalijuaje hilo kabla ya kusaini.

Tusiingie kwenye mambo ya sarafu. Ninacholeta nyumbani sasa baada ya makato nakiita 100. Barua mpya inasema 85. Mwenzangu ana biashara ndogo, na hata mwezi ukiwa mbaya kabisa haishuki chini ya 20. Matumizi ya lazima ya nyumba (pango, chakula, nauli, ada za shule zikigawanywa kwa miezi) ni 72. Kwa haraka naona 85 na 20 ni 105, toa 72, inabaki 33. Inatosha kabisa. Lakini mkataba ni wa miezi 12, "unaoweza kuongezwa kulingana na upatikanaji wa fedha", na hapo ndipo roho inasita.

#2 Jembe_Halilali

Safi sana mkuu, taifa linahitaji watu kama ninyi. Ushauri wangu: usikimbilie mfadhili. Anza na katiba, tafuta wajumbe wa bodi wasio ndugu zako, sajili, fungua akaunti yenye watia saini watatu, kisha ufanye kazi mwaka mzima kwa michango ya wanachama ili uwe na hesabu za kuonyesha. Asasi zisizo na hesabu za mwaka hata mmoja huwa hazipewi ruzuku.

#3 Mzazi_Makini

Asante mkuu, ila sianzishi asasi. Naajiriwa.

#4 Hesabu_za_Mradi

Mleta uzi, hiyo 33 usiitegemee kwanza. Umelinganisha mwezi na mwezi, na ajira ya mradi hailinganishwi hivyo. Inapimwa kwa mzunguko mzima, kuanzia siku unayoingia kazini hadi siku fedha za mradi unaofuata zinapoanza kulipa mishahara. Kati ya mradi na mradi kuna pengo, na familia nyingi hukwama kwenye pengo, si kwenye mshahara mdogo.

Kabla ya kukupigia hesabu nijibu haya. Bima ya afya ya sasa inahudumia nani, na ya huko itahudumia nani? Mwajiri mpya anachangia pensheni? Safari za kwenda kwenye kaya unalipwa kabla au unarudishiwa kwa risiti? Na mradi unaolipa nafasi yako unaisha mwezi gani? Nauliza tarehe ya mradi, achana na ya mkataba wako kwanza. Hizo ni tarehe mbili tofauti.

#5 Mzazi_Makini

Bima ya sasa inahudumia familia yote. Ya huko ni ya mfanyakazi peke yake. Kuongeza wategemezi watatu kwa fedha yangu ni 6 kwa mwezi. Pensheni hawachangii. Safari ni kama 9 kwa mwezi, natoa mfukoni kisha narudishiwa kwa risiti; wamesema huchukua kama miezi miwili. Tarehe ya mradi nimempigia ofisa utumishi: mradi ni wa miezi 36 na umebakiza 14.

#6 Nanga_Moja

Mkuu usiumize kichwa. Angalia ukubwa tu. Asasi yenye bajeti kubwa, magari, ofisi nzuri na mfadhili wa kimataifa haiwezi kukuacha na njaa. Hizi ndogo ndizo zinazokufa. Mfadhili mkubwa akishasaini mkataba, fedha zipo.

#7 Hesabu_za_Mradi

Nanga, kuna ukweli nusu hapo na nitaurudia. Ngoja nimalize na mleta uzi kwanza.

Mwezi wenye mshahara uko hivi. Unaingiza 85 na 20, jumla 105. Toa 72 za nyumba, toa 6 za bima ya wategemezi, toa 8 za kuweka mwenyewe badala ya pensheni (hicho ni kiwango cha kujilinda tu). Halafu toa 2 za safari ambazo hazitarudi, kwa sababu risiti hupotea, pikipiki haitoi risiti, na mhasibu hukataa karatasi isiyo na tarehe. Inabaki 17. Ile 33 yako imeshuka karibu nusu na bado hakuna aliyeugua.

Sasa mwezi wa pengo. Mshahara hakuna. Nyumba inakula 72, bima 6, jumla 78. Mwenzako analeta 20. Kila mwezi wa pengo unatafuna 58 kutoka kwenye akiba. Akiba ya pensheni nimeisimamisha kabisa katika miezi hiyo.

Weka namba hizo mbili pamoja: mwezi mzuri unaweka 17, mwezi wa pengo unakula 58. Ina maana kila mwezi mmoja wa pengo unahitaji karibu miezi mitatu na nusu ya kazi kuufidia. Ukifanya kazi miezi 12 bila kugusa akiba hata mara moja unakuwa na 204. Lakini 18 kati ya hizo zimelala kwa mwajiri muda wote, maana unamkopesha nauli ya miezi miwili. Mkononi una 186, zinazokuvusha miezi mitatu na siku chache. Zile 18 za mwisho zitakuja ukiwa tayari ndani ya pengo, kama zitakuja.

Kwa hiyo swali lako si "85 inatosha?" Jiulize: pengo litakuwa chini au juu ya miezi mitatu? Chini, familia inavuka. Likifika miezi mitano unahitaji 290, na hata ukizipata zile 18 utakuwa na upungufu wa 86, karibu mshahara mzima.

#8 Mzazi_Makini

Hii imenifungua macho. Lakini kwa nini pengo liwepo kama asasi inajua tarehe ya mwisho tangu mwanzo? Si waandike andiko la kuomba fedha mpya mapema?

#9 Hesabu_za_Mradi

Wanaandika mapema, wale makini. Tatizo ni kwamba hatua nyingi haziko mikononi mwao. Andiko linapelekwa, linapitiwa, linarudi na maswali, bajeti inakatwa na kuandikwa upya, mfadhili anakagua mifumo ya fedha ya asasi, mkataba unasainiwa, ndipo awamu ya kwanza ya fedha inatumwa. Hatua yoyote ikichelewa wiki tatu, zote zinazofuata zinasogea.

Kuna kanuni nyingine ambayo wengi hawaijui hadi iwaumize. Gharama zilizotokea kabla ya tarehe ya kuanza mkataba mpya kwa kawaida mfadhili hazilipi, labda awe ameruhusu kwa maandishi. Kwa hiyo ukiambiwa "endelea kufanya kazi, fedha zikija tutakulipa malimbikizo", muulize anayekuambia: zitalipwa kutoka wapi? Haziwezi kutoka kwenye mradi mpya. Zitatoka kwenye akiba ya asasi yenyewe, na kama akiba haipo, ahadi hiyo haina mguu.

Hata miezi ya mwisho ya mradi unaoisha ina shida yake. Wafadhili wengi hushikilia awamu ya mwisho hadi wapokee ripoti ya mwisho. Asasi isiyo na akiba huanza kuchelewesha mishahara kabla hata mradi haujaisha.

#10 Mkaguzi_Mstaafu

Nachangia upande wa vitabu, kwa sababu akiba inayotajwa hapo juu unaweza kuiona kwa macho yako. Omba taarifa ya ukaguzi wa hesabu ya mwaka uliopita. Asasi nyingi huiweka wazi au huipeleka kwa msajili. Kumwomba mwajiri si utovu wa adabu, na jinsi anavyopokea ombi hilo ni taarifa tosha.

Ukiipata usianze na jumla ya mapato, inapoteza watu. Nenda kwenye mizania, tafuta fedha zimegawanywaje: zenye masharti na zisizo na masharti. Zenye masharti ni za miradi, haziwezi kukulipa wakati wa pengo hata kama ni nyingi. Zisizo na masharti ndizo akiba ya kweli. Lakini hapo pia kuna mtego. Tuseme zisizo na masharti ni 240 na asasi inatumia 120 kwa mwezi. Utasema ina miezi miwili. Geuza ukurasa uone mali za kudumu: kama 150 kati ya hizo 240 ni gari na samani zilizonunuliwa kwa fedha za asasi, taslimu iliyobaki ni 90, haifiki hata mwezi mmoja. Gari halilipi mshahara.

Kisha soma maelezo ya madeni. Tafuta mishahara isiyolipwa, na michango ya pensheni na kodi iliyokatwa kwa wafanyakazi ikawa haijapelekwa kunakohusika. Hiyo ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Inaonyesha asasi imeshaanza kutumia fedha za wafanyakazi kuendeshea ofisi. Mwisho angalia kama mkaguzi ameandika popote kuwa ana shaka na uwezo wa asasi kuendelea. Wakaguzi hawaandiki maneno hayo kwa wepesi.

#11 Nanga_Moja

Sawa, lakini bado nashikilia kwamba mfadhili mkubwa ni salama. Toeni mfano.

#12 Hesabu_za_Mradi

Mfano ni wa juzi tu, Nanga. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Machi mwaka huohuo ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, na ilipofika 1 Julai 2025 shirika hilo likaacha kutekeleza misaada ya nje. Mikataba ilikuwa imesainiwa. Kuna mashirika yalisimamisha watu kwa maelfu, na yaliyoumia zaidi ni yaliyotegemea chanzo hicho kimoja.

Nusu yako ya ukweli ni hii: asasi kubwa huwa na mifumo, hulipa kwa tarehe, hupeleka makato, na mara nyingi ina akiba. Lakini kinacholinda mshahara ni idadi ya vyanzo vya fedha. Bajeti yaweza kuwa kubwa na bado ikawa na mguu mmoja. Asasi ndogo yenye wafadhili wanne, ambapo hakuna anayetoa zaidi ya theluthi moja, ina uwezekano mkubwa wa kukuvusha kuliko kubwa yenye mmoja anayetoa asilimia 90.

Mleta uzi, hili liulize hivi: "Mshahara wa nafasi hii unalipwa na miradi mingapi, kwa asilimia ngapi kila mmoja?" Kuna nafasi zinazolipwa asilimia 60 na mradi mmoja na 40 na mwingine. Mmoja ukiisha hupotezi kila kitu, ila jiandae: wanaweza kukupunguzia siku au kukupa mkataba wa nusu muda, na huko nusu muda huwa mara nyingi ni kazi ileile.

#13 Mama_Kaya_25

Samahani kuingilia, naona mnazungumzia watu wenye mikataba. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, nina kaya 25, napewa posho kila mwezi. Waratibu wanatuambia ni kazi ya kujitolea, "saa chache tu kwa wiki", kwa hiyo tutafute riziki pembeni. Nyumbani wanasema napoteza muda. Nani yuko sahihi? Posho yangu nikiigawanya kwa kipimo cha mleta uzi ni kama 20.

#14 Zamu_ya_Usiku

Dada Mama Kaya, hujaingilia. Hesabu saa zako kwanza, ndipo utajua posho ni ndogo au ni ya haki. Tuseme kila kaya unaitembelea mara moja kwa mwezi. Ziara dakika 40, kutembea dakika 20, kujaza daftari na fomu dakika 15. Hiyo ni saa moja na robo. Mara 25 ni saa 31 na robo. Ongeza siku ya kikao cha mwezi na kupeleka ripoti, tuseme saa 6. Ongeza rufaa tatu za kumsindikiza mtu kituoni, saa 4 kila moja, 12 nyingine. Jumla saa 49. Mwezi kamili wa kazi ni kama saa 160, kwa hiyo unatoa karibu asilimia 30 ya mwezi wa mwajiriwa.

Sasa linganisha. Asilimia 30 ya kazi inayolipa 100 ni 30. Wewe unapata 20. Kwa hiyo waratibu hawasemi uongo kwamba si kazi ya kutwa, na nyumbani hawasemi uongo kwamba hulipwi thamani yake. Kuhusu neno kujitolea, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 kuhusu wahudumu wa afya ya jamii unapendekeza walipwe kulingana na ugumu wa kazi, saa zao, mafunzo na majukumu. Unapendekeza pia malipo yasitegemee zaidi vigezo vya utendaji, kama kulipwa kwa kila fomu au kila rufaa. Mwongozo si sheria, lakini ni karatasi nzuri ya kuweka mezani kwenye kikao.

Kinachoharibu riziki ya pembeni si zile saa 49 bali zilivyotawanyika. Saa mbili Jumatatu, moja Jumanne, simu ya usiku Jumatano, huwezi kuweka kibarua chochote juu yake. Omba kaya zako zipangwe kwa eneo, siku mbili za wiki, na dharura ziwe na zamu kati yenu wahudumu watatu au wanne. Posho itabaki 20, lakini siku tatu za wiki zitakuwa zako.

#15 Mama_Kaya_25

Asante sana. Rufaa kwangu huwa zaidi ya tatu, na daftari sasa ni mawili, la karatasi na la kwenye simu. Nitahesabu mwezi huu wote niandike.

#16 Zamu_ya_Usiku

Andika siku hiyohiyo dada, saa ya kuondoka nyumbani na saa ya kurudi. Ukikumbuka mwisho wa wiki utajipunja.

Mleta uzi, na wewe likuhusu. Mratibu wa wahudumu ndiye anayepigiwa simu mhudumu akikuta mzee ameanguka saa tano usiku. Uliza kama kuna zamu ya simu na kama wikiendi inafidiwa kwa siku ya mapumziko. Kama mwenzako atalazimika kufunga biashara mapema kila unapoitwa, ile 20 yake haitabaki 20.

#17 Mzazi_Makini

Hilo la 20 ya mwenzangu sikuwa nimelifikiria kabisa, tutalizungumza leo nyumbani.

Nimeisoma tena barua. Kuna neno nililipita: imeandikwa "ada ya ushauri 85 kwa mwezi" na mkataba unaitwa wa mshauri, si wa ajira. Lakini ratiba ni Jumatatu hadi Ijumaa ofisini, na naripoti kwa meneja. Hii inabadilisha kitu?

#18 Mkaguzi_Mstaafu

Inabadilisha sana. Mshahara unaotangazwa kwa mwajiriwa unaweza kuwa baada ya makato, lakini ada ya mshauri kwa kawaida ni kabla. Watakata kodi ya zuio, wakupe hati yake, na mwisho wa mwaka utawasilisha hesabu mwenyewe. Zuio mara nyingi ni sehemu tu ya kodi unayodaiwa, tofauti unailipa wewe, kwa mkupuo.

Chukua mfano wa kodi yote kuwa 10 kwa mwezi. Ile 17 iliyobaki inashuka hadi 7. Mwezi wa pengo bado unakula 58. Sasa mwezi mmoja wa pengo unahitaji zaidi ya miezi minane ya kazi kuufidia, na miezi 12 inakupa 84 tu, mwezi mmoja na nusu wa pengo. Kwa namba hizo jibu langu ni hapana.

Na si kodi peke yake. Mshauri hana likizo yenye malipo, hana likizo ya uzazi, hana notisi zaidi ya iliyoandikwa, na akivunjika mguu kwenye njia ya kwenda kwenye kaya fidia ya ajali kazini inaweza isimhusu.

#19 Nanga_Moja

Hapo nakubaliana. Na kama anafanya kazi saa za ofisi chini ya meneja, huyo ni mwajiriwa hata wamwite nini. Aende mahakama ya kazi ashinde.

#20 Mkaguzi_Mstaafu

Kweli, mahakama nyingi huangalia uhalisia wa kazi kuliko jina la mkataba: nani anapanga saa, nani anatoa vifaa, kama mtu anaweza kumtuma mwingine badala yake. Lakini hiyo ni silaha ya baada ya ugomvi. Mtu mwenye watoto wawili hapangi bajeti kwa kesi atakayoshinda baada ya mwaka na nusu. Aombe mkataba ubadilishwe sasa.

#21 Hesabu_za_Mradi

Kwenye kuomba, usiombe 85 iwe 100. Mshahara ni kifungu kwenye bajeti iliyoidhinishwa na mfadhili, meneja hana uwezo wa kukipandisha peke yake, na atakujibu hapana hata akikupenda. Omba vitu vinavyokaa kwenye vifungu vingine. Mikataba mingi ya ruzuku huruhusu asasi kuhamisha kiasi kidogo kati ya vifungu bila kuomba ruhusa, mara nyingi hadi asilimia 10.

La kwanza ni mkataba wa ajira badala ya ushauri. Asasi nyingi hukimbilia ushauri ili kukwepa mchango wa mwajiri, kwa hiyo jiandae kusikia kwamba kifungu cha stahiki hakitoshi. Uliza kama 85 ni gharama yote ya mwajiri au ni yako. Wakati mwingine ukikubali 80 baada ya makato, na pensheni na bima ya familia ndani yake, unakuwa mbele. Hesabu: 80 na 20 ni 100, toa 72, toa 2 za safari, inabaki 26. Mwezi wa pengo, ukilipa bima mwenyewe, ni 58 zilezile. Uwiano unakuwa mwezi mmoja kwa miwili na kidogo. Miezi 12 inakuvusha mitano na zaidi. Mshahara mdogo kwa 5, lakini muda wa kuhimili pengo umeongezeka kutoka miezi mitatu hadi mitano.

La pili ni nauli itolewe kabla, uirejeshee risiti mwisho wa mwezi. Hili haliwagharimu hata senti, ni utaratibu wa masurufu tu.

La tatu, mradi umebakiza miezi 14 na wewe unapewa 12. Uliza miezi miwili ya mwisho imepangiwa nani. Kama ni kufunga mradi na kuandika ripoti, mratibu ndiye mwenye takwimu, waombe mkataba uende na tarehe ya mradi. Kwa namba za 26, miezi miwili hiyo ni 52 zaidi, na inasogeza pengo mbele kwa miezi miwili huku andiko jipya likipitiwa.

#22 Bi_Mkubwa_wa_Chama

Wanangu, mmezungumza vizuri, ila mimi sikubaliani na kuacha mchango wa pensheni wakati wa pengo. Mifuko mingine huhesabu mafao kwa miezi uliyochangia, na mikatiko ikizidi mtu anazeeka bila kufikisha kiwango cha kulipwa pensheni ya kila mwezi. Watu wanaohudumia wazee wa wenzao wasije wakakosa cha kwao. Bora apunguze 8 iwe 4 kuliko kukata kabisa.

#23 Hesabu_za_Mradi

Bi Mkubwa, shikamoo. Hoja yako ni nzito. Shida ni kwamba 4 kwa mwezi wa pengo inatoka kwenye akiba ileile ya chakula. Mimi ningependelea achangie zaidi miezi mizuri, kama mfuko unaruhusu kulipia mbele, kisha asimame. Kama mfuko hauruhusu, basi uko sahihi wewe.

#24 Bi_Mkubwa_wa_Chama

Marahaba. Aulize mfuko wake, kila mmoja una kanuni zake. Bado nasema asikate.

#25 Mzazi_Makini

Shikamoo Bi Mkubwa, nitauliza.

Mrejesho. Taarifa ya ukaguzi wamenitumia siku hiyohiyo bila manung'uniko. Wana wafadhili watatu. Mkubwa anatoa asilimia 55. Fedha zisizo na masharti, nikitoa mali za kudumu kama Mkaguzi alivyosema, ni kama miezi miwili ya matumizi yao. Madeni ya makato hakuna. Nafasi yangu inalipwa na mradi mmoja kwa asilimia 100, na mradi huo ni wa yule mfadhili wa 55. Mkataba wamekubali uwe wa ajira kwa 80 na pensheni ndani, lakini bima ya familia wamesema hapana, itabaki ya mfanyakazi tu. Nauli watatoa kabla. Miezi 14 "wataangalia".

#26 Mkaguzi_Mstaafu

Hiyo ni asasi safi kwa vitabu. Kwa bima kubaki kwako, mwezi mzuri ni 100 toa 72, toa 6, toa 2, unabaki na 20. Miezi 12 ni 240, pengo la miezi minne na siku chache. Akiba yao ya miezi miwili ni ya asasi nzima, usiihesabu kama yako. Hakuna mahali imeandikwa kwamba itakulipa wewe kwanza.

#27 Hesabu_za_Mradi

Kwangu ni ndiyo yenye sharti. Sharti ni kwamba usianze na akiba sifuri. Ukiingia na 58 tayari benki, mwezi mmoja wa pengo, mwaka wa kwanza unaweza kumeza ugonjwa au paa linalovuja bila kuvuruga hesabu yote. Kama huna, mwombe mwajiri wa sasa akuache hadi uzifikishe, au usogeze tarehe ya kuanza.

Na weka alama kwenye kalenda mwezi wa nane wa mkataba. Siku hiyo uliza andiko la kuendeleza mradi liko hatua gani. Ukijibiwa "bado tunajadiliana ndani", anza kutuma maombi kwingine wiki hiyohiyo. Usingoje mwezi wa kumi na moja, kwa sababu kupata kazi nyingine nako huchukua miezi, na miezi hiyo ndiyo ile minne.

#28 Nanga_Moja

Mimi ningekataa. Asilimia 100 ya nafasi kwenye mradi mmoja, wa mfadhili wa 55? Mmenifundisha wenyewe hapa hapa.

#29 Hesabu_za_Mradi

Hoja halali kabisa, Nanga. Tofauti yangu na yako ni hiyo miezi minne ya kuvuka. Bila hiyo ningekuwa upande wako.

#30 Mzazi_Makini

Akiba niliyonayo leo ni 40. Mwenzangu anasema tusubiri miezi miwili. Nimewaandikia kuuliza kama wanaweza kuningoja hadi hapo, na nimerudia lile ombi la miezi 14. Wakijibu nitaweka hapa.

#31 Mama_Kaya_25

Wiki ya kwanza nimeandika saa 17. Kaya saba tu.